Kuondoa "nili-" na "tuli-" kwenye ripoti ya utafiti: rasimu ya dagaa wa Igombe, hatua kwa hatua

Rasimu ya kwanza ya ripoti ya utafiti karibu kila mara huandikwa kama masimulizi ya safari: tulifika, tukaona, tukafurahi. Hakuna ubaya, maana ndivyo mtu anavyokumbuka. Shida inaanza pale mwandishi anapotaka kuigeuza iwe ripoti ya kisayansi, halafu anachofanya ni kufuta "tuli-" na kubandika "-wa" mwishoni mwa kila kitenzi. Maneno yanabadilika ila hisia zinabaki chini yake, na mara nyingine hisia hizo zimeficha kosa la kipimo ambalo lingebadilisha hitimisho lote.

Mwongozo huu unaifuata aya moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Imetungwa kwa ajili ya somo hili na tarakimu zake ni za mfano, lakini kazi yenyewe ni ya aina inayofanywa na wanafunzi wengi wa uvuvi na sayansi ya chakula mwambao wa Mwanza: kulinganisha dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye kichanja. Isome yote kabla ya kuendelea.

"Asubuhi na mapema mimi na wenzangu tulifika mwalo wa Igombe tukiwa na hamu kubwa. Tulinunua ndoo moja ya dagaa wabichi kabisa kwa mama mmoja mkarimu, tukawaosha vizuri, tukawagawa mafungu manane. Manne tuliyaanika mchangani na manne tukayaweka kwenye vichanja vyetu. Tulikuwa tunawageuza na kuwapima mara kwa mara. Tulifurahi kuona vichanja vinakausha haraka sana. Siku ya pili mvua ilituharibia kazi kidogo, na kwa bahati mbaya kongoti wakatudonolea fungu moja la mchangani. Tulishangaa mno kukuta dagaa wa mchangani wana uzito mkubwa kuliko wa kichanja, kwa hiyo nadhani kuanika mchangani kunamlipa zaidi anayeuza kwa kilo. Ila sote tulikubaliana kwamba wa kichanja ni watamu zaidi na wanapendeza machoni."

Hatua ya 1: Tafuta mtendaji ndani ya kitenzi

Hifadhi nakala ya rasimu kwa jina lingine, kisha anza kuwinda. Katika Kiswahili kutafuta neno "mimi" au "sisi" hakutoshi, kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi. Aya iliyo hapo juu ina "mimi" moja tu, lakini mwandishi na wenzake wamo karibu katika kila sentensi. Kwenye programu ya kuandikia bonyeza Ctrl+F, kisha tafuta vipande hivi kimoja kimoja:

```
nili  tuli  nime  tume  nika  tuka
nina  tuna  niki  tuki  siku  hatu
angu  etu
```

Vipande hivi vitaleta pia maneno yasiyohusika. "Tuli" itakamata "utulivu", "tuki" itakamata "tukio", na "siku" itakamata kila siku ya juma. Yaruke. Unachotafuta katika "siku" ni ukanushi kama "sikupima", na katika "angu" na "etu" ni umiliki kama "vichanja vyetu", ambao wengi huusahau.

Utafutaji huo hautakamata nafsi iliyojificha katikati ya kitenzi kama mtendwa: "ilituharibia", "wakatudonolea", "ilinishangaza". Hapo mtendaji ni mvua au ndege, lakini sentensi bado inamhusu mwandishi, maana inaeleza jinsi tukio lilivyomgusa yeye na kuacha jinsi lilivyowagusa dagaa. Hizi zitafute kwa macho, ukisoma polepole na kalamu mkononi.

Kila unachokipata kitie alama tu. Usibadilishe chochote bado, kwa sababu ukianza kurekebisha sasa utazipamba sentensi ambazo hatua inayofuata itazitupa.

Hatua ya 2: Kwa kila hisia, rudi kwenye daftari

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo muda mwingi uende. Chukua kila neno la hisia au sifa na uliulize: ni kitu gani kilionekana, kikapimwa au kikahesabiwa hata neno hili likaandikwa? Majibu huwa matatu. Kipimo kipo kwenye daftari, basi kiweke mahali pa neno. Kipimo hakipo lakini bado kinaweza kuchukuliwa, basi nenda ukapime. Au hakipo na hakitapatikana tena, basi neno linaondoka na dai lake.

Tuanze na mepesi. "Hamu kubwa" haina kipimo na haihusu dagaa, inaondoka. "Mama mmoja mkarimu" anahamia kwenye ukurasa wa shukrani, ambako ukarimu wake una nafasi halali. "Ndoo moja" inaonekana kama kipimo lakini siyo: pale mwaloni kuna ndoo ya lita 10 na ya lita 20, na zote mbili huitwa ndoo. Daftari linasema kilo 16. "Wabichi kabisa" inamaanisha nini? Daftari linasema walinunuliwa saa 1:00 asubuhi mitumbwi ilipotia nanga na wakaanikwa saa 3:00. Kwa hiyo "kabisa" inageuka kuwa saa 2, na msomaji anaweza kuamua mwenyewe kama huo ni ubichi. "Mara kwa mara" inagawanyika mara mbili: waligeuzwa kila baada ya saa 2 na wakapimwa kila baada ya saa 3.

Sasa mazito. Sentensi tatu za rasimu hii zimebeba hisia zilizofunika jambo kubwa.

Ya kwanza ni "tulifurahi kuona vichanja vinakausha haraka sana", na ni lazima isomwe pamoja na "mvua ilituharibia kazi kidogo". Kwanza, kukauka kulitambuliwaje? Daftari lina kanuni nzuri: fungu lilihesabiwa kuwa limekauka pale uzito wake uliposhuka kwa chini ya gramu 10 kati ya vipimo viwili vilivyofuatana. Kwa kanuni hiyo mafungu ya kichanja yalikauka kwenye kipimo cha saa ya 9 na ya mchangani kwenye cha saa ya 12. Mpaka hapo furaha ina msingi. Lakini uangalie muda. Siku ya kwanza dagaa walikaa juani kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, yaani saa 8. Kwa hiyo saa ya 9 iliangukia saa 4:00 asubuhi ya siku ya pili, na hapo dagaa wa kichanja wakaondolewa. Mvua ilianza saa 4:10 ikakatika saa 4:50. Ilikuta mafungu ya mchangani peke yake, yakafunikwa turubai kwa dakika 40, juu ya mchanga uliokuwa ukinyonya maji kutoka pembeni, maana turubai halizuii maji yanayopita chini.

Kwa hiyo saa 3 za ziada zinaweza kuwa kazi ya mchanga, au kazi ya mvua, au vyote viwili, na jaribio hili haliwezi kuzitenganisha. "Ilituharibia kazi kidogo" ilikuwa imebeba kasoro kubwa kuliko zote katika utafiti, na mtu aliyefuta maneno ya hisia bila kurudi kwenye daftari angeifuta mvua yenyewe. Mvua haifutwi. Inapewa saa, muda, na orodha ya mafungu yaliyoguswa.

Ya pili ni kongoti. "Kwa bahati mbaya" inaondoka, lakini ndege wanabaki. Kinachotakiwa ni jina la fungu na hatima yake: lilikuwa fungu M3, kiasi kilicholiwa hakikujulikana, na likaondolewa kwenye hesabu. Mafungu ya mchangani sasa ni 3 na ya kichanja ni 4, na idadi hizo ziandikwe kando ya kila wastani. Kosa linalotokea hapa mara kwa mara ni kuendelea kuandika "mafungu manne" kwenye matokeo huku wastani umetokana na matatu.

Ya tatu ni "tulishangaa mno". Mshangao katika daftari la utafiti ni kengele: unatokea pale kipimo kinapogongana na ulichotarajia, na kati ya hivyo viwili kimoja kina walakini. Kila fungu lilianza na kilo 2 za samaki haohao. Ikiwa yote yamekauka hadi uzito ukatulia, kwa nini ya mchangani yawe mazito zaidi? Maji yaliyobaki ni jibu moja. Jibu la pili liko chini ya dagaa wenyewe.

Vipimo vilikuwa hivi. Mafungu ya mchangani: gramu 638, 655 na 648, wastani 647. Ya kichanja: 592, 604, 597 na 607, wastani 600. Tofauti ni gramu 47. Ili kujua mchanga ni kiasi gani, kutoka kila fungu zilichukuliwa gramu 100 za dagaa wakavu, zikasukwasukwa ndani ya maji mara tatu, mchanga ukaachwa utuame, ukakaushwa na kupimwa. Mafungu ya mchangani yalitoa gramu 6.2, 7.1 na 6.5, wastani 6.6. Ya kichanja hayakufikisha hata gramu 0.5. Ukiondoa mchanga huo fungu kwa fungu, dagaa wa mchangani wanabaki na wastani wa gramu 604 dhidi ya 600 za kichanja. Karibu uzito wote wa ziada ulikuwa mchanga.

Basi "kuanika mchangani kunamlipa zaidi anayeuza kwa kilo" linageuka kuwa dai kwamba mnunuzi analipia mchanga. Msomaji ambaye ni mchakataji angeweza kuliamini dai la kwanza na kuvunja vichanja vyake.

Linabaki "watamu zaidi na wanapendeza machoni". Kama kuna watu walioonjeshwa dagaa waliopewa namba badala ya majina, bila kujua wametoka wapi, wakatoa alama 1 hadi 5 kwenye karatasi kila mmoja peke yake, andika idadi ya watu na alama zao. Hapa walionja waandishi wenyewe, wakijua kila sahani imetoka wapi, na kila mmoja akimsikia mwenzake. Maafikiano yao hayawezi kuitwa matokeo hata yakivalishwa "ilibainika kuwa". Sentensi inaondoka yote.

Hatua ya 3: Geuza vitenzi, kila kimoja kwa sababu yake

Sasa, na siyo kabla ya hapo, ingia kwenye sarufi. Vitenzi vya rasimu viko vya namna mbili, na kila namna ina dawa yake.

Vitenzi vya kazi iliyofanywa na mikono, yaani kununua, kuosha, kugawanya, kuanika, kupima, hupelekwa kwenye hali ya kutendwa: walinunuliwa, walioshwa, waligawanywa, walianikwa, walipimwa. Msomaji wa sehemu ya mbinu anataka kujua kilichofanyiwa samaki, na aliyefanya hana uzito. Usiongeze mkia wa "na mtafiti" au "na sisi" mwishoni. "Dagaa walipimwa na sisi" ni kumfukuza mtu mlangoni na kumrudisha dirishani.

Vitenzi vya kilichotokea chenyewe havihitaji kutendwa hata kidogo. Kipe kitu chenyewe nafasi ya mtenda: uzito ulishuka, dagaa walikauka, mvua ilinyesha, kongoti walikula. Rasimu nyingi zilizogeuzwa kwa pupa zimejaa "kushuka kwa uzito kulionwa" na "kukauka kwa dagaa kulishuhudiwa", ambapo bado kuna mtu amejificha nyuma akiona na kushuhudia. "Uzito ulishuka" ni fupi zaidi, tena haina mtu kabisa.

Kuwa mwangalifu na viambishi vya -ka na -ika. "Dagaa walikaushwa" inasema kuna mtu aliwakausha. "Walikauka" inasema hali yao ilibadilika. "Uzito ulipimika" haina maana ya "ulipimwa", maana yake ni kwamba uliwezekana kupimwa, na msomaji makini atauliza kama palikuwa na wakati haukupimika.

Kuna na ugonjwa wa "zoezi". Mwandishi akiambiwa aandike kisayansi, "tulipima uzito" inageuka kuwa "zoezi la upimaji wa uzito lilifanyika". Maneno sita yamefanya kazi ya mawili, na bado msomaji hajaambiwa kitu kipya. Andika "uzito ulipimwa" na nafasi iliyobaki iwekee aina ya mizani: mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 1. Ukiona "zoezi la", "suala la" au "ulifanyika upimaji", rudi kwenye kitenzi cha kawaida.

Upatanisho wa ngeli nao hutikisika katika kugeuza, kwa sababu kiima kimebadilika. Sampuli zilichukuliwa, mafungu yaligawanywa, maji yalimwagwa, vichanja vilitandazwa nyavu. Dagaa ndio wenye utata. Sokoni Kirumba utasikia "dagaa zimekauka", kwa kuwa zimeshakuwa bidhaa, lakini kwenye ripoti wafuate upatanisho wa viumbe: dagaa walianikwa, dagaa wakavu. Muhimu kuliko yote ni kuchagua upatanisho mmoja na kutoyumba. Na kwa kuwa dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wengine kabisa, mara ya kwanza andika jina la kisayansi kwa herufi za mlazo: *Rastrineobola argentea*.

Hatua ya 4: Zima mdundo wa hadithi

Unaweza kuondoa kila "tu-" na ripoti bado ikasikika kama hadithi ya jioni. Sababu ni -ka-. "Wakaoshwa, wakagawanywa, wakaanikwa, wakageuzwa" haina mtu, lakini inamvuta msomaji kwa mdundo wa masimulizi, na inamwambia tu kwamba hili lilifuata lile bila kusema baada ya muda gani. Tumia -li- kama wakati wa msingi kwenye mbinu na matokeo. Kiambishi -ka- kimoja ndani ya sentensi, pale mpangilio unapohitajika, hakidhuru. Vinne mfululizo vinadhuru.

Jihadhari zaidi na hu-. "Dagaa wa mchangani hubeba mchanga gramu 6.6 kwa kila 100" inasema ndivyo ilivyo siku zote na kila mwalo. Mafungu matatu ya siku mbili hayawezi kubeba hu-. Yanabeba "walikuwa na".

Baada ya hapo pita ukiondoa "sana", "mno", "kabisa", "kweli" na "vizuri". Kwenye "tukawaosha vizuri" uliza: kwa maji gani, mara ngapi? Walioshwa mara mbili kwa maji ya bomba. Ikiwa daftari halisemi, andika "walioshwa" na uishie hapo.

Hatua ya 5: "Nadhani" haigeuzwi kuwa "imebainika"

Hili ndilo kosa linaloharibu zaidi ripoti zilizosafishwa. Mwandishi ana "nadhani" au "naamini", anaambiwa aondoe nafsi, basi anaandika "imebainika kwamba" au "ni dhahiri kwamba". Nafsi imeondoka, lakini dhana imepandishwa cheo ikawa ukweli. Rasimu ilikuwa na uaminifu kuliko ripoti.

Pima dhana kwa data. Kama data inaithibitisha, ondoa "nadhani" na useme jambo lenyewe pamoja na tarakimu. Kama data inaielekea tu bila kuithibitisha, tumia "huenda" au "inawezekana", na sababu ifuate papo hapo katika sentensi hiyohiyo. Kama haina data yoyote, ifute au ipeleke kwenye mapendekezo ya utafiti unaofuata. Neno "huenda" lisilo na sababu nyuma yake ni "nadhani" ileile iliyovaa koti.

Aya baada ya kuandikwa upya

Aya moja ya rasimu sasa inagawanyika, maana ilikuwa imechanganya mbinu, matokeo na mjadala.

Mbinu: "Kilo 16 za dagaa wabichi (*Rastrineobola argentea*) zilinunuliwa katika mwalo wa Igombe, Mwanza, saa 1:00 asubuhi. Dagaa walioshwa mara mbili kwa maji ya bomba na kugawanywa katika mafungu 8 ya kilo 2. Kuanzia saa 3:00 asubuhi, mafungu 4 (M1–M4) yalianikwa kwenye mchanga wa ufukweni na mafungu 4 (K1–K4) kwenye vichanja vya nyavu vyenye kimo cha mita 1, kila fungu likitandazwa kwenye eneo la mita 1 kwa mita 1. Dagaa waligeuzwa kila baada ya saa 2 na kupimwa kila baada ya saa 3 kwa mizani inayosoma hadi gramu 1. Fungu lilihesabiwa kuwa limekauka pale uzito uliposhuka kwa chini ya gramu 10 kati ya vipimo viwili vilivyofuatana. Mchanga ulitenganishwa kutoka gramu 100 za kila fungu kavu kwa kusukwasukwa ndani ya maji mara tatu, ukakaushwa na kupimwa. Fungu M3 liliondolewa kwenye uchambuzi kwa kuwa sehemu yake isiyojulikana kiasi ililiwa na kongoti."

Matokeo: "Mafungu ya kichanja yalikauka katika kipimo cha saa ya 9 na ya mchangani katika kipimo cha saa ya 12. Mvua ilinyesha siku ya pili kuanzia saa 4:10 hadi 4:50 asubuhi, baada ya mafungu ya kichanja kuondolewa. Mafungu ya mchangani yalifunikwa kwa turubai muda huo. Uzito wa wastani wa dagaa wakavu ulikuwa gramu 647 mchangani (n = 3; 638–655) na gramu 600 kwenye kichanja (n = 4; 592–607). Gramu 100 za dagaa wa mchangani zilikuwa na wastani wa gramu 6.6 za mchanga (6.2–7.1), na za kichanja chini ya gramu 0.5. Uzito wa mchanga ulipoondolewa, wastani wa mafungu ya mchangani ulikuwa gramu 604."

Mjadala: "Karibu tofauti yote ya gramu 47 kati ya njia mbili ilitokana na mchanga ulioshikamana na dagaa. Tofauti ya muda wa kukauka haiwezi kuhusishwa na njia ya kuanika peke yake, kwa sababu mvua iliyakuta mafungu ya mchangani tu."

Rasimu ilikuwa na madai matatu: kichanja kinakausha haraka, mchanga unalipa, kichanja kina utamu. La kwanza limebaki na mashaka yaliyoandikwa wazi, la pili limegeuka, la tatu limefutwa. Ukimaliza kuandika upya na madai yote ya rasimu yakabaki vilevile, rudi hatua ya 2 uangalie kama kweli ulifungua daftari.

Mahali ambapo mtu anabaki

Kuna maamuzi ambayo hayakufanywa na mizani. Nani alichagua mwalo wa Igombe badala ya mwalo mwingine, na kwa nini? Nani aliamua kwamba gramu 10 ndizo mpaka wa ukavu? Sentensi kama "Igombe ilichaguliwa" inaficha chaguo nyuma ya kutendwa, kwa hiyo iongezee sababu: ilichaguliwa kwa kuwa njia zote mbili za kuanika zinatumika kwenye mwalo mmoja. Pale sababu ni ya mtu, idara nyingi hupokea "mtafiti alichagua", na yapo majarida yanayoruhusu "tulichagua". Soma maelekezo yao kwanza. Ila usiweke "mtafiti ali-" kila mahali palipokuwa na "nili-". Huko ni kubadilisha kofia tu, na ripoti ya kurasa 20 yenye "mtafiti" mara 60 inachosha kuliko ile ya mwanzo.

Utafiti wa mahojiano una kanuni tofauti. Ukiwa umekaa na wanawake wachakataji na kuwauliza kwa nini wanaanika mchangani, uwepo wako umeathiri walichosema. Je, walikujua? Ulionekana kama mnunuzi, au kama mtu wa serikali? Hapo kujiondoa kwenye maandishi ni kuficha data, na aya fupi inayosema mhoji ni nani na alijitambulishaje ni sehemu ya mbinu.

Ukaguzi wa mwisho

Rudia utafutaji wa hatua ya 1 kwenye nakala mpya, kisha mpe mtu ambaye hakuwepo Igombe asome sehemu ya mbinu pekee na akueleze, bila kuangalia karatasi, angefanyaje kazi hiyo kesho. Sikiliza anapokwama. Akiuliza "mchanga ulikuwa mkavu mlipoanza?", hilo ni jambo ambalo wewe ulikuwa unaliona kwa macho na hukuliandika, kwa sababu kwenye rasimu "sisi" tulikuwepo na tulijua. Lifungulie daftari, na kama jibu lipo liingize kwenye sentensi ya mafungu ya M, kabla ya maneno "wa ufukweni".